Sauti ya msimulizi kwenye filamu: inaongeza utamu, au ni mwandishi kukwepa kazi?

#1 Mpenda_Sinema
Wakuu, habari za jioni.

Jana nimeangalia Blade Runner ya 1982, ile yenye sauti ya Harrison Ford ikisimulia juu ya picha. Miaka yote nilikuwa na toleo la 2007 ambalo halina sauti hiyo, kwa hiyo kwangu ilikuwa kama filamu ngeni. Nimeudhika na bado nimeudhika.

Mnakumbuka kifo cha Roy? Mtu bandia, siku zake zimeisha, amemkimbiza Deckard, yule anayeigizwa na Ford, juu ya mapaa kwenye mvua. Deckard anakaribia kudondoka, Roy anamdaka mkono na kumvuta juu. Kisha anakaa chini, anasema maneno yake machache, anainamisha kichwa, njiwa anaruka. Kwenye toleo nililozoea Deckard anamtazama tu, na sisi tunamtazama Deckard. Kwenye toleo la 1982 hujameza hata mate, sauti inaingia: sijui kwa nini aliniokoa, labda dakika zile za mwisho alipenda uhai kuliko wakati wowote, alitaka majibu yale yale tunayoyataka sote. Kile nilichokuwa nakisoma usoni mwa Deckard, sasa nasomewa.

Dai langu ni hili: sauti ya msimulizi ni njia ya mkato. Mwandishi akishindwa kuonyesha, anamweka mtu aseme. Anayebisha alete mfano, sio maneno matupu.

#2 NairobiKasri
Uko sawa kabisa mkuu. Hiyo sauti mwongozaji Ridley Scott hakuitaka hata siku moja, studio ndiyo ilimlazimisha. Na Ford aliichukia hadi akaisoma vibaya makusudi ili waitupe. Sikiliza alivyo baridi, ni kama mtu anasoma risiti ya umeme.

#3 Kibanda_Umiza
Mimi napinga. Nimekulia Mbagala, filamu zote za Kichina na Kihindi nimeziona na sauti ya Lufufu juu yake. Bila Lufufu nisingeelewa kitu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Mtu mmoja na maiki anabeba filamu nzima, na watu wanalipa kiingilio kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya stelingi. Sasa huo uvivu uko wapi?

#4 Binti_Mtoni
Kaka Kibanda, Lufufu anatafsiri filamu ya watu wengine. Mwenye uzi anauliza kuhusu msimulizi aliyewekwa na wenye filamu wenyewe. Umepanda daladala ya Gongo la Mboto na safari yako ni Tegeta.

#5 Kibanda_Umiza
Dada, nimeshapanda, siteremki. Nitarudi na hoja.

#6 Mkata_Picha
Salaam wote. Kazi yangu ni kuhariri filamu, mwaka wa kumi na mbili sasa. NairobiKasri amesema nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inabadilisha mjadala.

Ni kweli kwamba Machi 1982 filamu ilionyeshwa kwa majaribio Denver na Dallas, na watazamaji wengi walitoka wamechanganyikiwa. Waliotoa pesa wakaogopa. Ndipo sauti ikaandikwa upya, Ford akarudi chumba cha kurekodi, na mwisho wa furaha ukabandikwa: Deckard na Rachael, mwanamke bandia anayempenda, ndani ya gari, milima, jua. Picha za milima zile zilikuwa mabaki ya zilizopigwa kutoka angani kwa ajili ya The Shining ya Kubrick. Hayo yote yanajulikana.

Ila sio kweli kwamba wazo la msimulizi lilizaliwa na studio. Skripti za mwanzo za Hampton Fancher zilikuwa na Deckard anayesimulia, kwa sababu walitaka ladha ya zile filamu za wapelelezi za miaka ya 1940. Wazo lilikuwepo tangu mwanzo, likakataa kukaa vizuri kwenye picha, na liliporudishwa lilirudi likiwa na kazi nyingine. Mwanzo lilikuwa la kuleta ladha, mwisho likawa la kuzima hofu.

Na hilo la Ford kusoma vibaya makusudi, mwenyewe amelikana. Alisema hakuipenda, lakini aliisoma kadiri ya uwezo wake. Ubaridi ule nadhani unatoka kwenye sentensi zenyewe. Ukimpa mwigizaji sentensi inayoeleza kitu ambacho uso wake umeshakisema mwezi uliopita mbele ya kamera, hana pa kuishika.

#7 NairobiKasri
Asante kwa kunirekebisha, hiyo ya Fancher sikuwa naijua. Lakini bado naona studio ndiyo iliharibu.

#8 Mtafsiri_Tanga
Mimi huandika maandishi ya chini ya filamu, kwa hiyo ninasikiliza kila neno mara kumi. Naleta mfano wa upande wa pili kama mwenye uzi alivyoomba: The Shawshank Redemption, 1994. Ondoa sauti ya Red, mfungwa anayesimulia, uone kama inabaki filamu.

Angalia nani anasimulia. Filamu inamhusu mfungwa mwenzake, Andy, lakini anayesema ni Red. Kichwani mwa Andy hatuingii hata mara moja. Andy anapoomba kinyundo cha kuchongea mawe, Red anafikiri ni cha kutorokea. Akikiona anacheka, kwa sababu mtu angehitaji miaka 600 kuchimba ukuta na kitu kidogo vile. Na sisi tunacheka naye, tunasahau. Baadaye, Andy anapoomba kamba, sauti ya Red inatuambia kwamba usiku ule ulikuwa mrefu kuliko zote alizopitia gerezani. Tunalala na hofu yake, tunadhani Andy anajinyonga.

Sasa fikiri: Red anayesimulia anajua tayari kilichotokea. Anasimulia baada ya yote. Lakini hajatudanganya hata kwa sentensi moja, amekuwa mwaminifu kwa alivyodhani usiku ule. Kumbe Andy ametoroka: kinyundo kinarudi, na miaka 600 inageuka kuwa chini ya 20. Kamera peke yake isingeweza kufanya hivyo bila kutuibia, maana kamera ingebidi iangalie pembeni. Mtu akikosea, tunakosea naye na hatumlaumu.

#9 Mpenda_Sinema
Mfano mzito huu. Lakini Mtafsiri, si ingewezekana Red akamwambia mfungwa mwenzake hayo hayo? "Usiku ule sikulala." Imekwisha.

#10 Mtafsiri_Tanga
Ingewezekana kwa habari, sio kwa wakati. Nilipoandika maandishi ya kipande cha mwisho nilikutana na kitu. Karibu filamu nzima Red anasema kwa wakati uliopita: alikuja, alikaa, nilimwambia. Karibu kila kitu "li, li, li". Halafu ametoka gerezani, sauti inaanza kuhamia wakati uliopo, na akiwa kwenye basi inasema ana furaha kiasi kwamba hawezi kutulia. "Na." Kutoka hapo hadi mwisho ni "na" tu: natumaini, natumaini. Msimulizi na mtu anayeonekana wamekutana siku moja, kiti kimoja. Mtu aliyeishi kwa kukumbuka sasa haelewi kesho italeta nini. Silabi moja ya Kiswahili inabeba jambo hilo, na nilikaa nayo jioni nzima nikiogopa kuikosea.

#11 Binti_Mtoni
Nimeisoma #10 mara mbili. Sikuwahi kuliona hilo na nimeiangalia filamu hiyo si chini ya mara nane.

#12 Mzee_wa_Hadithi
Wanangu, mnajadili mambo ya Marekani wakati jibu liko barazani. Sisi tumelelewa na msimulizi. Hadithi, hadithi! Hadithi njoo! Bibi yuko mbele yako, anasema sungura alisema hivi, fisi akajibu vile, na katikati anatoa maoni yake. Baadaye ikaja michezo ya redio, nayo ilikuwa na msimulizi. Sikio letu limezoea kushikwa mkono. Hili la kwamba filamu lazima ionyeshe tu isiseme, ni ladha ya watu fulani wa mahali fulani.

#13 Mkata_Picha
Shikamoo mzee. Nakubaliana kuhusu sikio, siafiki kuhusu sababu. Bibi alikuwa anatuona. Mtoto akisinzia anapandisha sauti, akiogopa anaruka kipande cha zimwi. Msimulizi wa filamu amerekodiwa, hamwoni mtu. Bibi pia hakuwa na picha nyuma yake. Alikuwa ndiye sauti na ndiye picha. Kwenye filamu sauti inakuta picha imeshakaa, kwa hiyo swali la kwanza ni nani atampisha mwenzake.

#14 Mzee_wa_Hadithi
Marahaba mwanangu. Jibu lako lina akili, ila halijaniondoa. Bibi alikuwa na mikono. Mikono yake ilionyesha fisi anavyochechemea na mdomo wake wakati huo huo unasema "akawa anachechemea". Viwili kwa pamoja, na hakuna mtoto aliyelalamika kwamba anaambiwa anachokiona.

#15 Kibanda_Umiza
Nimerudi kama nilivyoahidi. Mzee amenipa njia. Lufufu alikuwa anafanya hicho hicho: jamaa anapigwa teke na yeye anasema amepigwa teke, na kibanda kizima kinashangilia. Kwa hiyo ile sheria ya kwamba msimulizi asiseme kinachoonekana, sio kweli kila mahali. Kibandani ilikuwa raha kwa sababu alikuwa na msimamo, alikuwa anamshabikia mtu. Deckard wa 1982 anasema kinachoonekana na hashabikii chochote. Hapo ndipo ubovu ulipo, sio kwenye kurudia.

#16 Binti_Mtoni
Naondoa ile ya daladala. Umefika Tegeta, tena kabla yetu.

#17 Asha_Moro
Habari wadau. Naomba niingize yangu maana imenitesa. Mwaka jana nilitengeneza filamu fupi ya dakika 14 Morogoro. Binti wa miaka 15 anamsaidia bibi yake genge la mboga, mama yake ameondoka. Tulipiga kwa siku tatu kando ya barabara. Nilipofika kuhariri, mazungumzo karibu yote hayafai: upepo, bodaboda, mtu anachomelea vyuma jirani. Pesa ya kurudia hakuna. Nikaandika sauti ya binti usiku mmoja, sentensi 31, nikafunika matatizo. Nilipoonyesha watu walisema sauti nzuri, lakini hakuna aliyelia wala aliyecheka. Sasa kwa mujibu wa mwenye uzi mimi ni mvivu. Nilikuwa sijalala siku nne.

#18 Mpenda_Sinema
Dada Asha, pole, na neno "mvivu" nalirudisha. Sikufikiria mtu aliyepoteza sauti ya eneo la tukio.

#19 Mkata_Picha
Asha, wengi wamepita hapo, hata wakubwa. Days of Heaven ya 1978, sauti ya binti anayesimulia iliingizwa kwenye uhariri uliochukua kama miaka miwili, baada ya mwongozaji Malick kuona filamu haikai. Alimwachia Linda Manz, aliyekuwa binti mdogo tu, aseme kwa maneno yake mwenyewe. Sasa sikiliza anavyosema: watu wazima wanapendana na kuumizana mbele yake, na yeye anazungumzia moto utakaoteketeza dunia na mtu aliyekutana naye kwenye treni. Sauti imewekwa kutibu tatizo, lakini haikai juu ya kidonda.

Naomba unitajie kipande kimoja chako. Picha inaonyesha nini, na binti anasema nini?

#20 Asha_Moro
Kuna kipande anabeba ndoo ya maji kupanda kilima, sekunde 22. Anasema: "Kila siku nilibeba maji. Nilikuwa nachoka sana. Lakini sikuwa na jinsi, kwa sababu bibi alikuwa mzee."

#21 Mkata_Picha
Kilima kinasema kila siku. Miguu inasema amechoka. Bibi tumemwona ni mzee. Umelipia sekunde 22 za picha na sentensi tatu zimezifuta. Uliza ni kitu gani kuhusu ndoo ile ambacho kamera haiwezi kukijua hata ikikaa mwaka mzima. Kiandike hicho tu.

Hesabu pia nafasi. Kwa Kiswahili cha utulivu ni kama maneno mawili kwa sekunde, maana maneno yetu ni marefu. Sekunde 22 zinameza maneno 44, ila ukizijaza zote mtazamaji hapati pa kuvuta pumzi. Mimi huanza na 15, nayaweka pale ambapo uso wake hauonekani. Uso ukigeukia kamera, sauti inyamaze.

Namna ya kupima: mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi kipande chenye picha tupu, mwulize ameelewa nini. Alichokuambia mwenyewe, kifute kwenye sauti. Alichokosa, jiulize kama anakihitaji sasa au anaweza kungoja.

#22 Mwanafunzi_Filamu
Lakini mkuu kwa kipimo hicho Sunset Boulevard (1950) ingefeli. Maiti inaelea kwenye bwawa la kuogelea na msimulizi anatuambia kuna maiti kwenye bwawa.

#23 Mkata_Picha
Kinachoshangaza pale ni kwamba anayesema ndiye maiti, na anajizungumzia kama mtu mwingine. Kwa hiyo sentensi inayorudia picha ina siri ndani yake. Na walifika hapo kwa kukosea kwanza. Mwanzo Billy Wilder alipiga tukio la chumba cha maiti, marehemu wanaongea. Kwenye onyesho la majaribio Evanston, Illinois, watu wakaangua kicheko. Akalitupa, akabaki na bwawa na sauti. Watazamaji wa majaribio wale wale mnaowalaumu kwa Blade Runner, pale waliokoa filamu.

#24 NairobiKasri
Basi kipimo chako kina mlango wa nyuma. Ikifaulu ni siri, ikifeli ni kurudia.

#25 Mkata_Picha
Hapo umenibana, na sina jibu la kukata. Natumia kipimo hicho kwa kazi ambazo hazijakaa. Ikikaa siigusi.

#26 Mtafsiri_Tanga
Mimi nadhani siri ni swali moja: anamwambia nani, na lini? Red anakumbuka, yuko mahali fulani. Maiti ya bwawani inatuhadithia sisi. Deckard anasema na nani? Hayuko ofisini, hayuko kwa polisi, hakuna siku anaposimama kusema. Ndiyo maana sauti yake inaelea.

#27 Mzee_wa_Hadithi
Na yule binti wa Malick anasema na nani?

#28 Mtafsiri_Tanga
Mzee, hapo nimekwama. Sijui, na bado naipenda.

#29 Asha_Moro
Nimerudi baada ya wiki mbili. Nimefanya kama Mkata_Picha alivyosema. Sentensi 31 zimebaki 9. Tumerekodi upya ndani ya kabati la nguo, milango imefunikwa blanketi, maiki shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi isigonge. Kwenye kilima sasa anasema: "Ndoo hii mama aliiacha. Alisema ataifuata." Basi. Halafu kimya hadi afike juu.

Niliwaonyesha watu sita. Kwenye kilima mmoja aligeuka kando. Lakini kimezuka kitu kipya: mama mmoja akauliza, kama ndoo ni ya mama yake, mbona kwenye dakika ya tisa anaipiga teke kwa hasira na haonyeshi kujuta? Tulipiga picha bila kujua ndoo ina historia. Sasa sauti imeipa ndoo uzito ambao mwigizaji hakuubeba.

#30 Mkata_Picha
Hilo ndilo deni la sauti iliyokuja baadaye. Ama hilo teke likatwe, ama sentensi ihamie baada yake. Ikija baada ya teke, mtu atalikumbuka na litamuuma yeye.

#31 Kibanda_Umiza
Acha teke lilivyo. Nani hajawahi kupiga teke kitu cha mtu aliyemwacha?

#32 Asha_Moro
Kaka Kibanda... sikuwa nimewaza hivyo. Ngoja niongee na binti aliyeigiza.

#33 Mpenda_Sinema
Na mimi nina la kuripoti. Blade Runner inakuruhusu kulinganisha kweli, matoleo yapo yote. Jumamosi mdogo wangu aliangalia la 2007, Jumapili shemeji akaangalia la 1982. Hakuna aliyewahi kuiona.

Mdogo wangu alinisumbua mwanzoni. Yule polisi Gaff anapomfuata Deckard kwenye kibanda cha tambi na kuongea lugha isiyoeleweka, aliuliza mara tatu anasema nini. Toleo la 1982 Deckard anaeleza hapo hapo kwamba ni lugha ya mtaani, mchanganyiko wa Kijapani, Kihispania, Kijerumani na mengine, na kwamba yeye anaielewa ila hataki kumrahisishia mwenzake. Shemeji akacheka, akampenda Deckard kuanzia hapo. Nakiri sentensi ile ni nzuri: inatoa habari na inatoa tabia. Kifo cha Roy, mdogo wangu alikaa kimya mpaka nikamwangalia kama amelala. Alikuwa macho.

Nikamsubiri shemeji afike pale pale, nikijua atalalamika. Sauti ikaingia. Akasema, "Afadhali amesema. Nilikuwa naogopa hakuona alichofanyiwa."

Nimekaa na jibu hilo tangu juzi. Mimi nilidhani sauti inanieleza mimi habari za Roy. Yeye aliisikia kama shukrani ya Deckard.

#34 NairobiKasri
Shemeji yako aingie humu.

#35 Mtafsiri_Tanga
Mwulize pia kuhusu mwisho. Kwenye gari, sauti ndiyo inayotuambia Rachael hakuwekewa tarehe ya kufa kama wengine. Hapo msimulizi haelezi hadithi, anaibadilisha. Nataka kujua kama alimwamini.

#36 Mpenda_Sinema
Nimemwuliza. Amesema hakumwamini, lakini alifurahi kwamba Deckard anaamini.